Taa za pakingi ya biashara: ipi ununue, ipi uiache

Watu wengi wakienda kununua taa za pakingi wanauliza wati ngapi, alafu wanaletewa fladilaiti nne kubwa za kufunga ukutani na biashara imeisha hapo. Mi nasema anza na swali lingine kabisa: mwanga utashuka chini kwa pembe gani? Ukilijibu hilo, mengine yote yanajipanga yenyewe.

Tuchukue pakingi ya urefu wa mita 60 na upana 32, yani magari yanapaki safu nne, njia mbili za kupita, na safu mbili za katikati zinatazamana pua kwa pua. Kiwango cha Ulaya EN 12464-2 kwa pakingi yenye pilikapilika za wastani kinataka wastani wa luksi 10, yani kipimo cha mwanga unaofika kwenye kila mita ya mraba ya chini, na sehemu yenye giza kuliko zote isishuke chini ya robo ya wastani, kwa hiyo hapa luksi 2.5. Hiyo robo ndo usawa wa mwanga, na ndo inayofeli mara nyingi, sio wastani.

Eneo ni mita za mraba 1,920. Zidisha kwa luksi 10 unapata lumeni 19,200, yani jumla ya mwanga unaotakiwa ufike chini. Chukulia kama nusu tu ya lumeni za taa ndo inafika pale unapotaka, na weka 0.8 kwa ajili ya vumbi na taa kuzeeka, unaishia na lumeni 48,000. Hii ni hesabu ya kuanzia tu, ya kukuwezesha kuikagua kotesheni.

Namba moja kwangu, bila kusita, ni nguzo za mita 8 kwenye ule mstari wa katikati, kila nguzo na taa mbili zinazotazama pande tofauti. Nguzo tatu tu: mita 10 kutoka mwisho, alafu mita 20, alafu mita 20, inabaki 10. Taa sita za lumeni 8,000, na kwa LED ya kawaida hiyo ni kama wati 60 kila moja. Nafasi kati ya nguzo ni mara 2.5 ya urefu wake, na mimi nikiona mchoro umepita mara 4 naurudisha. Kutoka nguzo hadi ukingo ni mita 16, kwa hiyo mwanga unashuka kwa pembe ya digrii kama 63 ukipima kutoka wima, na hapo dereva hasumbuki. Kitako cha zege kipande kama sentimita 75 juu ya ardhi, manake bampa zitakigonga tu.

Namba mbili ni nguzo mbili za mita 12 kwenye mstari huohuo. Usawa wake ni mzuri sana, ila nguzo moja ikizima nusu ya pakingi iko gizani, kubadilisha taa kunahitaji gari la kunyanyua, na mwanga unavuka ukuta kirahisi, kwa hiyo kama kuna nyumba za watu jirani usiichukue.

Namba tatu, nguzo za mita 8 pembeni, tatu kila upande. Inafanya kazi, lakini umelipia nguzo na misingi mara mbili kupata mwanga uleule. Ichukue pale ambapo katikati hapachimbiki.

Mwisho kabisa ni fladilaiti za ukutani. Ukuta wa mita 6, ukingo wa pili uko mita 32, pembe inafika digrii 79, na hakuna namna ya kufikisha mwanga kule bila kuinua taa imwangalie mtu machoni. Chini ya ukuta panawaka vibaya, mbali pana giza, na dereva anayeingia akitazama jengo hamuoni mtu anayepita mbele yake. Kuongeza wati hapo kunazidisha mng'ao tu, giza la kule mbali ukilinganisha na kwingine linabaki vilevile.

Kwa muuzaji dai faili la `.ies` la taa yenyewe, linaloonyesha inatupa mwanga kiasi gani kwa kila pembe, na mahesabu ya programu ya mwanga ya DIALux yakiwa na taa imelala sawa, digrii 0, kioo bapa. Angalia mwanga unaotoka kuanzia digrii 75 kwenda juu, uwe kidogo mno, kwa sababu mtu aliye mita 25 kutoka nguzo ya mita 8 anaiona taa kwa pembe hiyohiyo. Fundi akiiinua digrii 15 "ili ifike mbali", mahesabu yote yamekufa.

Na kabla ya kulipa salio pima usiku pakingi ikiwa tupu, luksimita chini kwenye lami, pointi zilizopangwa sawasawa mpaka pembeni. Ukipata wastani 14 na kona moja ina 2, hiyo ni 0.14, imefeli hata kama pakingi nzima inaonekana inang'aa.