Antena mbili na mparachichi: mtandao wa dukani kwangu Waithaka

Duka langu la fotokopi liko getini, nyumba iko ndani kabisa ya ploti, kama mita 70 hivi. Ruta ya faiba iko sebuleni na waifai yake ilikuwa ikiishia kwenye tangi la maji. Kuvuta kebo kungenilazimu kufumua kabro, na sikutaka waya wa shaba uunganishe majengo mawili yenye mita tofauti za stima, hasa msimu wa radi. Nikanunua jozi ya antena za gigahezi 5 kwa Sh11,000, moja ya nyumbani, moja ya dukani, zitazamane.

Januari na Februari sikuwa na neno. Kifurushi cha nyumbani ni megabiti 20, dukani napata 19. Fundi alizifunga chini ya paa, na katikati yake kuna mparachichi. "Mama, inapenya tu," akaniambia. Kweli ilipenya.

Masika yalipoingia, kila mvua ikinyesha wateja wa KRA wananitazama nami natazama skrini. Niliwapigia watu wa faiba nikawalaumu bure. Mpwa wangu ndiye aliyenifundisha kubaini tatizo liko upande gani: ukiwa dukani, iulize antena ya nyumbani.

```
ping 192.168.1.20
```

Ikijibu kwa milisekunde 2 au 3 na intaneti bado imelala, tatizo liko kwenye faiba. Yangu ilijibu kwa 140, mara `Request timed out`. Basi shida ilikuwa humu humu uani.

Tukafungua ukurasa wa antena. Siku ya jua nguvu ya mawimbi ilikuwa -61 dBm, baada ya mvua -78. Hizo ni hasi, kwa hiyo namba inavyokwenda mbali na sifuri ndivyo mawimbi yanavyofifia. Kwa umbali huu mvua yenyewe haina neno. Majani yaliyolowa ndiyo yanayoyameza.

Sikuukata mti, matunda yake tunayala. Fundi alirudi (safari hii nilimsimamia) akapandisha antena ya nyumbani kwenye bomba la futi 8 pembeni mwa nyumba, ya dukani akaihamishia kona ya pili, zikaonana bila jani kati yake. Namba ikawa -35. Nilishangilia, mpwa akasema imezidi: ni kama mtu anakupigia kelele sikioni, maneno huyasikii vizuri. Tukashusha nguvu ya kurusha kutoka 23 hadi 10 dBm pande zote mbili, ikatulia -48. Mvua za Novemba ziliisogeza kwa moja au mbili tu.

Linaloniudhi bado ni tokeni. Zikiisha nyumbani, ruta na antena ya kule zinazima, nami dukani nina stima lakini sina mtandao. Wiki iliyopita nilifunga duka dakika kumi nikimbie kuingiza namba kwenye mita.