Mshale Huu Haukuwepo! Uchambuzi wa Indiketa ya Kichwa na Mabega Niliyolipia Mwezi Mzima

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo nina hasira kidogo, na mtaiona, kwa hiyo tuingie moja kwa moja kazini. Wengi mmenitumia ujumbe mkiniuliza kuhusu ile indiketa ya kulipia, ile programu ya chati inayochora yenyewe kichwa na mabega, yaani vilele vitatu vya bei, cha katikati kirefu kuliko viwili vya pembeni, inaweka bendi za Bollinger na kukuambia kama volyumu imethibitisha. Jina lake silitaji, na wanaoijua wameshaijua. Nimeilipia dola 49 kwa mwezi, zaidi ya laki moja ya kwetu, na nimekaa nayo siku 30.

Mambo ya kuifunga kwenye chati, rangi na lugha nayaruka, hayo mnayajua. Tuje kwenye mshale. Mwekundu huu hapa, juu ya bega la kulia, umeandikwa SELL. Angalieni chati nzima. Kila penye mshale bei imeanguka. Bega la kushoto, kichwa, bega la kulia, mshale, paa! Chini. Mwezi uliopita hivyo, mwezi juzi hivyo. Ukioneshwa picha hii na muuzaji utatoa kadi ya benki bila kuuliza. Mimi nilitoa.

Sasa tazameni. Nabonyeza Replay hapa juu kwenye TradingView, tovuti ya chati, narudisha chati nyuma mpaka kabla ya mshale huu, halafu nasogeza mshumaa mmoja mmoja. Ni pauni kwa dola, chati ya saa moja, yaani kila mshumaa ni saa moja ya bei, na namba nitawapa za mviringo ili tufuatane vizuri.

Bega la kushoto limeshapita. Kichwa kimefika 1.2760 na shingo, ule mstari wa mabonde ya pande mbili za kichwa, iko 1.2680. Bei imepanda tena, imegusa 1.2725, imeanza kushuka. Hilo ndilo bega la kulia. Mshale uko wapi? Haupo. Nasogeza mshumaa mmoja, haupo. Miwili, mitatu, minne, haupo. Mitano, sita, saba, bei inashuka tu. Nane, tisa, haupo. Wa kumi... huo hapo! Ila mmeona ulipotokea? Haukutokea kwenye mshumaa huu wa kumi. Umerudi nyuma mishumaa kumi ukaketi juu ya bega, kana kwamba ulikuwepo tangu mwanzo.

Narudia, kwa sababu hili ndilo lililonifanya niwashe kamera leo. Tisa. Haupo. Kumi. Upo, lakini kule nyuma.

Sababu yake ni rahisi. Ili kompyuta iseme kwamba mshumaa fulani ni kilele, lazima ione mishumaa ya kulia kwake iko chini zaidi. Mishumaa hiyo bado haijatokea, kwa hiyo inasubiri. Msimbo wa kazi hiyo ni mfupi, naweka wa mfano kwenye skrini:

```
//@version=5
indicator("Kilele", overlay=true)
p = ta.pivothigh(high, 10, 10)
plotshape(not na(p), offset=-10, location=location.abovebar)
```

Hizo 10 mbili ni mishumaa ya kushoto na ya kulia. Ile offset=-10 ndiyo inayochukua alama na kuirudisha kileleni. Kusubiri kwenyewe si kosa, kilele chochote hujulikana kikishapita. Kosa ni kuniuzia picha ya mshale ulioketi kileleni bila kuniambia kwamba uliwasili saa kumi baadaye.

Mtaniambia, saa kumi si kitu. Haya, tupige hesabu. Urefu kutoka kichwa mpaka shingo ni pipsi 80, pipsi moja ikiwa 0.0001. Kanuni ya kichwa na mabega inasema uchukue urefu huo uushushe chini ya shingo, kwa hiyo lengo ni 1.2600. Picha ya tangazo inakuonesha umeuza 1.2725, stop losi, yaani bei ya kukutoa sokoni ukikosea, iko juu kidogo ya bega, 1.2730. Unahatarisha pipsi 5 kupata 125. Mara 25! Nani atakataa? Lakini mshale ulipokufikia kweli, bei ilikuwa 1.2675, shingo imeshavunjika. Stop losi iko palepale 1.2730. Sasa unahatarisha pipsi 55 kupata 75, na hapo broka hajakata chake. Chati ni ileile na mshale ni uleule, ila biashara ni nyingine kabisa.

Na bado. Kuna linaloniuma zaidi. Nasogea mbele mpaka kwenye bega jingine. Mshale umetokea, SELL, sawa. Nasogeza... bei inapanda. Inapanda tena. Imepita kichwa. Aliyeuza hapa ameshapigwa stop losi. Na mshale? Umefutika! Indiketa imeona kwamba lile si bega tena, ni sehemu ya mlima unaoendelea, ikafuta mchoro wote. Usiku mmoja nilipiga picha ya skrini, mishale minne. Asubuhi naamka nakuta miwili. Miwili iliyobaki ndiyo iliyofanikiwa. Ndiyo maana ukitazama nyuma kila mshale ni sahihi: iliyokosea haipo chatini ya kuhesabiwa.

Kwa hiyo ukitaka kujua indiketa yoyote, hata ya bure, weka alati. Alati ikilia, piga picha ya skrini papo hapo na saa ionekane. Kesho fungua chati, soma saa ya mshumaa ambao mshale umekaa juu yake. Saa zikipishana, umeshajua. Mshale usipokuwepo kabisa, umejua zaidi.

Kabla sijasahau, darasa la Jumamosi limehamia Jumapili saa mbili usiku, kwa sababu wengi mnasema Jumamosi mko kazini au harusini. Na maikrofoni ni mpya, niambieni kama sauti inakwaruza.

Turudi kwenye bendi. Hapa lazima niwe mkweli, sehemu ya bendi wameifanya vizuri. John Bollinger alizitengeneza miaka ya 1980, na mpangilio wa kawaida unaujua: wastani wa mishumaa 20 katikati, na mipaka miwili iliyo mbali na wastani kwa mikengeuko sanifu 2. Jamaa hawa wameweka alati ya bendi zikibana, na inalia mshumaa ukishafungwa, haitangulii wala hairudi nyuma. Hiyo nimeipenda. Bendi zikibana maana yake bei imetulia kuliko kawaida yake, na utulivu huwa na mwisho. Itatokea juu au chini, bendi hazijui, na wao hawajadai kwamba zinajua.

Ila watu wanauza kila bei inapogusa bendi ya juu. Hili nalo macho yanatudanganya tukitazama nyuma. Oneni mlima huu. Jicho linakwenda kwenye mguso wa mwisho, pale bei ilipogeuka, unasema ningeuza pale. Hesabu miguso yote sasa: mmoja, miwili, mitatu, minne, mitano, na wa sita ndio uliogeuka. Ungekuwa umepigwa mitano kabla hujafika hapo.

Kingine, mshumaa ambao haujafungwa umo ndani ya hesabu ya bendi yenyewe. Tuseme mishumaa 19 yote imefunga 1.2700, halafu huu wa 20 unaruka mpaka 1.2740. Wastani unapanda mpaka 1.2702, na bendi ya juu, iliyokuwa imelala palepale kwenye bei, inafika karibu 1.2719. Bei imeivuta bendi pamoja nayo. Bei ikirudi kabla saa haijaisha, bendi nayo inarudi. Baadaye unaona utambi mrefu tu na bendi iliyotulia, unadhani ndivyo ilivyokuwa ukiangalia moja kwa moja. Sivyo.

Volyumu. Hapa sijaridhika kabisa. Wameweka tiki ya kijani, "volyumu imethibitisha". Vitabu vinafundisha kwamba volyumu hupungua kwenye bega la kulia na kuongezeka shingo ikivunjika. Sawa. Lakini pauni kwa dola haina soko moja la kukusanya mauzo yote. Nguzo unazoziona hapo chini ni idadi ya mara bei ilipobadilika kwa broka wako, si pesa zilizopita. Nimefungua broka wawili, saa ileile, tazameni: kwa huyu nguzo imepanda, kwa yule imeshuka. Tiki ya kijani imewaka kwa mmoja tu! Ukitaka volyumu ya kweli nenda kwenye mikataba ya baadaye ya pauni kule soko la CME Chicago, alama yake 6B, au tazama hisa, kama Safaricom pale Nairobi, ambako kila hisa iliyouzwa inahesabiwa.

Tena tiki hiyo inalinganisha nguzo ya saa ambayo ndiyo kwanza imeanza na nguzo za saa zilizokamilika. Dakika ya kumi utaambiwa volyumu ni ndogo. Bila shaka ni ndogo, saa haijaisha!

Mtu ataniuliza, basi kichwa na mabega ni uongo? Hapana. Mwaka 1995 Carol Osler na Kevin Chang walitoa utafiti kupitia Benki ya Federal Reserve ya New York. Waliipa kompyuta kanuni ikatafute umbo hili kwenye fedha 6 dhidi ya dola, na iingie sokoni baada tu ya shingo kuvunjika. Kwenye maki ya Ujerumani na yeni ya Japani kulikuwa na faida. Kwenye pauni, dola ya Kanada, faranga ya Ufaransa na ya Uswisi, hakuna. Kumbukeni mfano wangu wa leo ni pauni. Na kompyuta yao haikurudisha mshale nyuma.

Bei sasa. Dola 49 kwa alati ya bendi ninayoweza kuiweka mwenyewe bure? Mwanzoni mwa mwezi ningesema ijaribuni. Wiki ya pili nilisema labda wakishusha mpaka 10. Leo nasema hapana, mpaka waweke mshale kwenye mshumaa ambao alati inalia na waache mishale iliyokosea ibaki chatini. Nimewaandikia hayo mawili. Wakirekebisha nitalipia tena mwezi mmoja na nitasogeza mshumaa mmoja mmoja mbele yenu.

Jumapili tunafungua Safaricom, chati ya siku, upande wa kulia nimeuziba kwa karatasi. Kila mtu aandike anapouza na stop losi yake kabla sijasogeza.