Programu iliyokula mshale wangu wa nukta nukta

Nimeikasirikia sana programu hii ya simu. Unapiga picha mchoro wa mishale wa kupangia mradi, wenye muda wa kila kazi, nayo inakutolea njia muhimu, yaani mfululizo wa kazi zisizoruhusu kuchelewa, pamoja na nafasi ya kuchelewa ya kila kazi nyingine.

Mchoro wangu ni mdogo. Kutoka duara 1, A ya siku 4 inaingia 2 na B ya siku 7 inaingia 3. C ya siku 5 inatoka 2 kwenda 4, E ya siku 3 inatoka 4 kwenda 5, na D ya siku 6 inatoka 3 moja kwa moja hadi 5. Kisha kuna mshale bandia, wa nukta nukta, unaotoka 3 kwenda 2: hauna kazi wala siku, ila unaizuia C isianze kabla B haijakwisha.

Programu iliuona mstari huo kama uchafu wa karatasi. Ikatoa siku 13, njia muhimu B na D, na ikaipa C nafasi ya siku 1. Fanya kwa mkono: duara 2 haliwezi kufikiwa kabla ya siku ya 7, C inaisha siku ya 12, E siku ya 15. Njia muhimu ni B, mshale bandia, C, E. Aliye na nafasi ni D, siku 2, na A, siku 3. Yaani ilinibana pasipobana na kunilegezea panapobana! Nilipolalamika, mhudumu alinijibu kwa ukali kwamba mstari usio na muda si kazi. Hata hajui mtandao wa kazi za mradi ni nini.

Nilitaka kuifuta, lakini tarakimu za mwandiko wangu ilizisoma zote sawasawa, hata 7 yenye mkia. Basi nikaupaka mshale bandia wino mzito bila kukatiza, nikaandika 0 kando yake, nikapiga picha upya. Bado 13! Safari hii iliusoma kinyume, kutoka 2 kwenda 3, kwa sababu kichwa cha mshale kilikuwa kidogo na kimegusa duara. Nilipokichora kikubwa, mbali kidogo na duara, 15 ikatoka.

Kwa hiyo hesabu yake ni nzuri, macho ndiyo mabovu. Ukiitumia, hesabu mishale ya karatasi, na ya bandia ikiwemo, ulinganishe na safu za jedwali lake: mimi nilikuwa na 6, lenyewe 5. Halafu soma namba za mwanzo na mwisho za kila safu. Kinachoniudhi hadi sasa ni kwamba haikutoa onyo lolote ilipoutupa mshale ule. Nyota mbili. Hapana, moja, mpaka waweke onyo hilo.