Uzoefu wangu na mashine ya kuvuta hewa: nyama safi, samaki lazima friza

Nimetumia mashine hii ya kufungia chakula kwa miezi minane sasa. Kazi yake inaifanya vizuri: inavuta hewa, inaunguza mdomo wa mfuko, pakiti inabana kama ngozi. Nyama niliyoiacha kwenye friza miezi mitano ilitoka bila yale mabaka makavu meupe. Ukifungua pakiti na kukuta nyama ina rangi ya zambarau, usishtuke. Imekosa oksijeni tu, na ikikaa wazi kama nusu saa wekundu wake hurudi.

Samaki ndiye aliyenitia hofu. Nilifunga minofu mibichi, nikaiweka kwenye friji ya kawaida, si friza, nikiamini kwamba pasipo hewa hapaharibiki kitu. Siku ya sita nikafungua. Haikuwa na harufu mbaya, wala pakiti haikuwa imevimba. Bahati nzuri, kabla ya kupika niliweka kipimajoto kwenye rafu ile, kikasoma nyuzi 7. Nikaitupa yote, na hadi leo sijutii.

Bakteria wanaomfanya samaki anuke wengi wanahitaji oksijeni, kwa hiyo pakiti inawazuia, na ule uvundo tunaoutegemea kutuonya unachelewa. Bakteria wa botulizimu ni kinyume chao: wanastawi pasipo oksijeni, na aina yao inayopatikana kwa samaki inaweza kukua hata kwenye baridi ya nyuzi 3 hivi. Sumu yao inaweza kuwamo bila harufu wala dalili ya macho. Friji nyingi za nyumbani hukaa juu ya nyuzi hizo, hasa mlango ukifunguliwa mara kwa mara. Pakiti iliyovimba itupwe bila kuonjwa, lakini pakiti bapa nayo si ushahidi wa usalama.

Sasa samaki nikishamfunga anaingia friza siku hiyohiyo, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na tarehe imeandikwa juu ya mfuko. Baridi hiyo haiui mbegu za bakteria hao. Inawazuia kukua tu, ndiyo maana namna ya kuyeyusha ina uzito wake. Usiku wa kuamkia siku ya kupika nakata mfuko kabla barafu haijayeyuka, namtoa samaki, namweka kwenye bakuli lenye mfuniko, rafu ya chini ya friji. Simwachi ayeyuke ndani ya pakiti iliyofungwa, na mezani jikoni kabisa hapana.

Kasoro ya mashine yenyewe: mdomo wa mfuko ukiwa na majimaji haushiki vizuri, na mwiba ukitoboa, hewa hurudi polepole. Mimi hugandisha minofu saa moja au mbili kwanza, ndipo nafunga. Kijitabu kilichokuja nayo kinasifu chakula "kudumu mara tano zaidi" bila kutaja friza kwa samaki hata mara moja, na kwa hilo nimeipunguzia nyota moja.