Khukuri niliyouziwa: bapa la kweli, mpini wa uongo

Nimechelewa kuandika haya kwa sababu kila nilipoanza hasira ilinipanda upya. Nilikuwa nachanja kuni za miwati nyuma ya nyumba, hapa Njombe. Pigo la saba au la nane, nikabaki na mpini mtupu mkononi. Bapa liliruka mbele, likapita juu ya gogo na kujichoma ardhini hatua sita kutoka nilipokuwa. Dakika chache kabla ya hapo mwanangu alikuwa amechuchumaa palepale akiokota vibanzi.

Khukuri ndiyo ile ya Nepali, kisu kikubwa kilichopinda kuelekea chini kama kimevunjika katikati, ambacho wengine hukiita kukri. Sikuinunua kwa kuvutiwa na picha. Miaka kadhaa nilifanya kazi kwenye zizi la mbuzi huko Omani, nikilala chumba kimoja na mzee mmoja wa Dharan, mashariki ya Nepali. Tulimwita Dai, yaani kaka mkubwa kwa lugha yao. Alikuja na khukuri yake ndani ya begi la mizigo, na hiyo moja ilitosha kwa kazi zote za zizini. Asubuhi alikata matawi ya mgunga nayo. Jioni, kama kuna mbuzi wa kuchinjwa, alimchuna nayo hiyohiyo. Mimi nilikuwa na panga la matawi na kisu cha nyama, na bado alimaliza kabla yangu.

Nilimuuliza siri yake. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinipa niishike mpini, akaniambia nifumbe macho na kusema uzito uko wapi. Uzito haukuwa mkononi. Ulikuwa mbele, pale bapa linapopanuka kuliko kote, karibu theluthi ya mwisho kuelekea nchani. Ukizungusha mkono, sehemu iliyo mbali na kiwiko ndiyo inayokwenda kasi zaidi, na khukuri imewekewa nyama yake ya chuma papo hapo penye kasi. Sime ya Wamasai nayo hupanuka karibu na ncha, na panga zetu nyingi ni pana zaidi mbele kuliko nyuma. Kwa hiyo wazo si geni kwetu. Kilichozidi kwa Wanepali ni ule mpindo.

Na mpindo huo ndio watu wanaudhania pambo. Panga lililonyooka likigonga tawi, makali hutua wima moja kwa moja, kama mtu anayekandamiza nyanya kwa kisu bila kukivuta. Khukuri, kwa sababu bapa limeinama, makali ya mbele hufika kwenye mti yakiwa yamelala mshazari. Unapiga, lakini wakati huohuo makali yanateleza na kukata. Ule mzingo wa ndani nao unalishika tawi lisikimbilie nchani. Tena kifundo cha mkono hakihitaji kupinda ili makali yatangulie, maana bapa lenyewe limekwisha kupinda. Mgongo wake ni mnene, na mashavu ya makali yamevimba kidogo, hivyo mti hupasuka kando badala ya kuling'ang'ania bapa.

Hayo yote nilikuwa nayajua nilipoagiza yangu kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Alijaza tangazo lake picha za askari wa Kigurkha, wale Wanepali wa jeshi la Waingereza, na ile hadithi kwamba khukuri ikitolewa alani lazima imwage damu. Dai alikuwa akiichukia hadithi hiyo. Kweli Waingereza waliijua khukuri walipopigana na Wanepali mwaka 1814 hadi 1816, na vita vikiwa bado vinaendelea wakaanza kuwaandikisha Wagurkha jeshini, na jina la kisu likasafiri nao. Lakini kijijini kwao, alisema, mama yake aliitoa khukuri alani kila siku kukata kuni na maboga, na hakuna damu iliyodaiwa.

Basi nikamwandikia muuzaji, kwa adabu, nikamtumia picha ya mpini na bapa vikiwa mbalimbali. Jibu lake lilikuja kwa sauti, na nimelisikiliza mara nyingi kuliko inavyofaa. "Mzee, hiki ni kisu cha wanajeshi, si cha wachanja kuni. Umekitumia vibaya, sasa unataka hela." Kisha akacheka, na aliyekuwa kando yake naye akacheka. Sikuomba hela. Nilimwambia kuna mtoto hapa.

Nakiri kwamba siku mbili baada ya jibu hilo niliyumba, nikadhani labda kosa ni langu. Mipini ya khukuri hugandishwa kwa utomvu mgumu wanaouita laha, na laha hulainika ikipata joto. Mimi nilikuwa nimeiacha khukuri kwenye dashibodi ya gari juani, safari nzima ya kutoka Makambako. Mpini ulikuwa unacheza kidogo nilipoushusha, nikapuuza. Hilo ni kosa langu, nalibeba. Mwenye khukuri asiiache juani wala asiikaushe karibu na moto.

Lakini nilipochokonoa laha iliyobaki ndani ya mpini, hasira ikarudi na nyingine juu yake. Msuka, yaani ule mkia wa chuma unaoingia mpinini, ulikuwa mfupi kuliko kidole changu cha shahada. Khukuri ya kazi yenye msuka mwembamba, msuka huo hupita mpini mzima, hutokea nyuma kupitia kibati, na ncha yake hugongwa kwa nyundo mpaka itanuke isirudi. Yangu ilikuwa na kibati kizuri cha shaba kitakoni, kimepigiliwa kwa vimisumari viwili, na nyuma yake hakuna kitu. Kibati cha kumdanganya mnunuzi. Uzito uleule unaopasua mti, kila pigo unauvuta mpini na kuukengeua. Kisu chepesi kingevumilia msuka mfupi miaka kumi. Kwenye umbo linalobeba uzito mbele, ni suala la siku tu. Aliyefanya vile anajua anachofanya, na kwa hilo siwezi kumpa hata nyota moja.

Nilitaka kulitupa lote. Nikampelekea mhunzi wa hapa jirani ili angalau alifanye kisu cha kukatia majani ya ng'ombe. Yeye hakusema kitu, alichukua tupa. Akaipitisha kwenye makali ya tumboni, pale penye upana, na tupa ikateleza kama iko juu ya kioo. Akaipitisha mgongoni, tupa ikauma. Akaipitisha karibu na mpini, ikauma pia, ila kidogo. Akaniambia, "Aliyefua hiki ni fundi. Usikitupe."

Nikamkumbuka Dai. Alikuwa amenieleza jinsi mafundi wa kwao, wengi wao watu wa ukoo wa Bishwakarma, wanavyofua khukuri kwa springi za magari mabovu. Bapa likishakuwa jekundu hawalitumbukizi lote majini. Huchukua birika, wakamimina maji kufuata mstari wa makali tu, hasa tumboni. Makali yanakuwa magumu na mgongo unabaki laini, ili pigo lisilivunje. Tupa ya mhunzi wangu ilikuwa inasoma kazi hiyohiyo. Kwa hiyo bapa lilifuliwa na mtu mwaminifu, na mwingine, sijui wa huko au wa huku, akalifungia mpini wa kitapeli. Nilikuwa nimekwisha kuwalaani wote wawili. Laana ya wa kwanza naifuta.

Mhunzi alilifunga bapa kwa matambara mabichi ili joto lisiharibu ugumu wake, kisha akaunganisha fimbo ya chuma laini kwenye ule msuka mfupi. Kiungo alikipasha tena mpaka wekundu hafifu, akakiacha kipoe chenyewe bila maji, maana springi iliyochomelewa na kupozwa ghafla hukatika kama biskuti. Mpini ni wa mninga, umetobolewa mpaka nyuma, kitako kimetanuliwa ili mkono usichomoke. Msuka umetokea nyuma kupitia washa ya chuma, akaugonga ukatanuka. Gundi ipo, lakini ni ya kuzuia maji tu.

Tangu hapo nimechanja nayo kuni msimu mzima, na sikukuu iliyopita nimemchuna nayo beberu. Hapa ndipo ninaposahau hasira. Kwa kuchuna, unaacha mpini. Unasogeza mkono mbele, unashika mgongo wa bapa juu ya tumbo, kidole gumba upande mmoja, vidole vingine upande wa pili, mpini ukining'inia nyuma. Tumbo la makali ni mviringo, hivyo linalogusa ngozi kwa wakati mmoja ni kipande kidogo tu, na ncha imeinuka mbali, haitoboi. Unafagia kwa mwendo mfupi kati ya ngozi na nyama huku ngumi ya mkono mwingine ikisukuma. Kupasua ngozi ya miguu mwanzoni bado natumia kisu kidogo. Wanepali hubeba kimoja, karda, ndani ya ala ileile. Ngozi ikishatoka, narudi mpinini na kukata mapaja kwa makali ya karibu na mkono, yale ya mzingo wa ndani, nikivuta kuelekea kwangu. Ikifika mifupa, tumbo tena, pigo moja.

Isiwe kama nasifu tu. Majani laini inayalaza bila kuyakata. Hapo fyekeo linaishinda kwa mbali. Saa nzima ya kazi na kifundo cha mkono kinauma. Kunoa ni taabu, kwa sababu jiwe bapa halifiki kwenye mzingo wa ndani. Mimi huzungushia msasa kwenye fimbo ya mviringo. Na unapoichomoa, shika ala kwa upande wa mgongo, vidole visizunguke kwenye makali, maana makali yanaweza kupenya pale mbao mbili za ala zinapokutana.

Muuzaji bado hajajibu ujumbe wangu wa mwisho. Nilimtaka jambo moja, apige picha vitako vya khukuri zote anazouza, ili wanunuzi waone kama ncha ya msuka inatokea. Ametoa tangazo jipya juzi. Picha ni za mbele tu.