Jini ya kukeneka au jini ya kuchanganya: namna ya kuchagua chupa

Mnunuzi anayesimama mbele ya rafu ya jini huona chupa nyingi zinazotaja mimea ileile, yaani junipa, giligilani, maganda ya ndimu na mizizi ya aina kadhaa, na huenda akadhani kwamba kinachozitofautisha ni urefu wa orodha tu. Kwa maoni yangu orodha hiyo ndiyo sehemu ya lebo yenye msaada mdogo zaidi. Swali la kuuliza kwanza ni namna ladha ya mimea ilivyoingia katika pombe: je, ilipanda na mvuke ndani ya mtambo, au ilitiwa baadaye katika kioevu kilichokwisha kuwa tayari? Jibu la swali hilo ndilo nililotumia kupanga daraja za mwongozo huu.

Jini huanza na pombe isiyo na ladha, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa nafaka na kukenekwa hadi ifikie nguvu ya asilimia 96 au zaidi. Kukeneka ni kuchemsha pombe, kuuongoza mvuke wake kwenye bomba lililopozwa, na kuukinga unaporudi kuwa kioevu. Mwenye kiwanda hupunguza nguvu ya pombe hiyo kwa maji mpaka karibu nusu kwa nusu, huitia katika chungu cha shaba pamoja na mimea, kisha huichemsha tena. Wengine huroweka mimea kwanza, kama wafanyavyo Beefeater, ambao huiacha saa 24 kabla ya kuwasha moto. Wengine huitundika mimea kwenye kikapu juu ya kioevu ili mvuke upite katikati yake, na hiyo ndiyo njia ya Bombay Sapphire. Njia ya kikapu hutoa harufu nyepesi, kwa sababu mimea haipikwi ndani ya kioevu, ilhali kuroweka huvuta zaidi ule uzito wa mafuta ya junipa.

Junipa yenyewe ni kichaka cha jenasi moja na mtarakwa. Kile kinachoitwa tunda lake kwa hakika ni koni ndogo yenye nyama, ambayo huchukua takriban miaka miwili au zaidi kuiva na kugeuka kutoka kijani kuwa buluu iliyokolea. Ndani yake mna mafuta yenye harufu ya utomvu wa msonobari, na mafuta hayo ndiyo uti wa mgongo wa jini. Mbegu za giligilani huongeza harufu inayokaribia ndimu na maua, maganda ya machungwa huleta uchangamfu, na mzizi wa anjelika hutoa harufu kavu ya udongo inayoshika kinywa mwishoni. Tanqueray imejengwa juu ya mimea minne tu, yaani junipa, giligilani, mzizi wa anjelika na urukususu, na hakuna anayeinywa akalalamika kwamba haina ladha. Kwa hiyo chupa inayojivunia mimea 30 isikutishe wala isikuvutie kwa idadi hiyo peke yake.

Jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulielewa kwa undani ni kwamba si kila kilichomo katika mmea huweza kupanda na mvuke. Chukua urukususu, ule mzizi mtamu unaotafunwa. Ukiuroweka katika pombe, baada ya siku moja kioevu hugeuka manjano na kuwa kitamu. Ukikikeneka kioevu hicho, kinachotoka upande wa pili ni cheupe kama maji na hakina utamu ule, kwa sababu kiini cha utamu wa urukususu ni kizito na hubaki chunguni. Kinachovuka ni harufu tu. Sukari haivuki, rangi haivuki, na ule ukakasi wa maganda na mbegu unaokausha ulimi hauvuki. Mtambo ni chujio linaloruhusu harufu na kuzuia mengine yote, na kutokana na hilo mnunuzi anaweza kusoma mengi bila kufungua kizibo. Jini yenye rangi ya waridi, au ile ya buluu inayogeuka rangi inapotiwa toniki, lazima ilipata rangi hiyo baada ya kutoka mtamboni. Jini inayobaki na utamu wa sukari midomoni ilitiwa utamu baadaye.

Mtambo pia hutoa harufu kwa zamu. Mafuta mepesi ya maganda ya ndimu hutangulia, junipa na giligilani hutawala katikati, na harufu za mizizi huja nyuma. Mkenekaji hutupa sehemu ya mwanzo, hukinga ya kati, na hukata kabla mkia haujaanza kunuka kama mboga zilizochemshwa kupita kiasi. Akikata mapema mno, jini hukosa uzito. Akichelewa, uchafu wa mkia huingia katika chupa zote. Ufundi huo hauandikwi kwenye lebo, lakini pua huutambua.

Daraja la kwanza, na ndilo ninalompendekezea mtu anayenunua chupa moja ya kutumia kwa kila kitu, ni ile yenye maandishi “London Gin” au “London Dry Gin”. Jina hilo halina maana ya mahali, kwani jini hiyo inaweza kutengenezwa katika mji wowote duniani, linataja masharti. Kwa mujibu wa sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008, ambayo ile ya mwaka 2019 iliyachukua masharti yake, ladha yote ya jini hii lazima itokane na kukeneka mimea ya asili, kioevu kinachotoka mtamboni kiwe na nguvu isiyopungua asilimia 70, sukari isizidi gramu 0.1 kwa lita, na rangi isitiwe kabisa. Baada ya hapo kinachoruhusiwa kuongezwa ni pombe ya asili ileile isiyo na ladha pamoja na maji. Sheria haikuhakikishii kwamba jini itakuwa nzuri, kwa kuwa mkenekaji asiye makini anaweza kutimiza masharti yote na bado akakupa kitu kisicho na uhai. Inakuhakikishia tu kwamba hakuna kilichofichwa. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa.

Daraja la pili ni “Distilled Gin”. Hii nayo hukenekwa pamoja na junipa, lakini mtengenezaji anaruhusiwa kuongeza ladha baadaye. Ruhusa hiyo isikufanye uidharau, kwa maana ipo mimea ambayo moto huiharibu. Harufu ya tango ikichemshwa hupoteza ubichi wake, na petali za waridi huelekea kunuka kama zimepikwa. Hendrick's huongeza arki ya waridi na ya tango baada ya kukeneka, na ndiyo sababu haiwezi kuitwa “London Gin” ingawa ni jini iliyotengenezwa kwa uangalifu. Ukitaka harufu za maua au matunda mabichi, anzia daraja hili. Ukitaka junipa iliyo wazi, rudi kwenye daraja la kwanza.

Daraja la tatu ni jini ya kuchanganya inayotengenezwa kwa kuroweka mimea halisi bila kuikeneka tena. Watengenezaji wake huitambulisha waziwazi, na huonekana kwa rangi yake ya manjano au ya majani makavu. Hapa kila kinachoyeyuka katika pombe kimo ndani ya chupa, ukakasi na utamu wa mizizi ukiwemo, na ladha yake ni nzito, yenye viungo vingi, wakati mwingine chungu. Iliki na mdalasini husikika ndani yake kuliko katika jini yoyote iliyokenekwa. Naiweka ya tatu kwa sababu huzishinda nguvu ladha nyingine katika vinywaji vyepesi, na kwa sababu mimea ikikaa siku nyingi kupita kiasi ukakasi hufunika harufu. Mtu ambaye tayari ana chupa ya daraja la kwanza na anataka kitu tofauti ataifurahia.

Daraja la nne ni chupa iliyoandikwa “Gin” peke yake, bila neno jingine la kueleza njia. Kisheria inaweza kuwa pombe isiyo na ladha iliyotiwa arki ya junipa na kukorogwa, na chupa nyingi za bei ya chini ndivyo zilivyo. Ni nyeupe kama iliyokenekwa, kwa hiyo macho hayatakusaidia.

Kitakachokusaidia ni maji. Niliwahi kulinganisha chupa tatu, moja kutoka kila daraja isipokuwa la tatu, kwa kutia mililita 20 za jini na mililita 20 za maji yasiyo baridi katika kila glasi. Maji hupunguza ukali wa pombe unaoziba pua, na harufu zilizojificha hujitokeza. Ile ya kwanza ilitoa utomvu wa junipa, kisha ndimu, kisha udongo mkavu wa mizizi, na baada ya nusu saa bado junipa ilikuwepo. Ya pili ilitanguliza tango, na junipa ikafuata kwa upole. Ya tatu, iliyoandikwa “Gin” tu, ndiyo iliyokuwa na harufu kali kuliko zote katika dakika ya kwanza, harufu ya ndimu inayokaribia ya sabuni. Baada ya nusu saa kilichobaki kilikuwa mchomo wa pombe. Tangu siku hiyo sihukumu jini kwa harufu yake ya kwanza.

Jini ikigeuka na ukungu mwembamba unapoitia maji au barafu, usiirudishe dukani. Mafuta ya mimea huyeyuka katika pombe yenye nguvu lakini hayayeyuki vizuri katika maji, hivyo nguvu ikishuka hujitenga katika matone madogo mno yanayotawanya mwanga. Ukungu huo ni dalili kwamba mafuta ni mengi, na jini iliyochujwa sana haiuonyeshi.

Kwa sababu hiyohiyo, soma asilimia ya pombe kabla ya kulipa. Kiwango cha chini katika Ulaya ni asilimia 37.5 na katika Marekani ni 40. Ukichanganya mililita 50 za jini na 150 za toniki, ile ya asilimia 37.5 hukupa kinywaji cha takriban asilimia 9.4, na ile ya 47 hukupa karibu 11.8, ile ya pili pia kwa kawaida hubeba mafuta mengi zaidi ya mimea, na junipa yake husikika juu ya uchungu wa toniki. Kati ya chupa mbili za daraja moja, mimi huchukua yenye asilimia 43 au zaidi, kisha humimina kidogo. Na chupa tamu yenye rangi iliyoandikwa asilimia 20 si jini hata jina hilo likitajwa kwenye lebo yake. Ni likeri, na inunuliwe na anayetaka likeri.