Uzoefu wangu na EOMONTH: tarehe ya kwanza na ya mwisho ya mwezi katika Excel

Ninatunza hesabu za kinu cha kukamua alizeti hapa Kibaigwa, na kila mwisho wa mwezi hunipasa kueleza ni magunia mangapi yamepimwa kuanzia tarehe mosi hadi siku ya mwisho. Zamani nilikuwa nikiandika tarehe hizo mbili kwa mkono, na Februari ndiyo iliyokuwa ikinitesa, kwa kuwa sikuwa nakumbuka daima kama mwaka huo una siku 28 au 29. Tangu nilipoanza kutumia fomula ya EOMONTH, kazi hiyo naiachia Excel.

Katika seli D2 ninaweka tarehe yoyote ya mwezi ninaoutaka, kisha E2 inanipa siku ya kwanza na F2 siku ya mwisho:

```
E2: =EOMONTH(D2,-1)+1
F2: =EOMONTH(D2,0)
```

Sifuri inamaanisha mwisho wa mwezi uleule wa tarehe iliyomo D2, na -1 inamaanisha mwisho wa mwezi uliotangulia, ambao ukiongezewa siku moja unakuwa tarehe mosi. Mara ya kwanza nilishtuka kuona 45351 badala ya tarehe, lakini hilo si kosa: Excel huhesabu siku kwa namba, na namba hiyo ndiyo 29 Februari 2024. Inatosha kubadilisha mwonekano wa seli uwe wa tarehe.

Hadi hapo sina lawama. Lililonigharimu ni jinsi nilivyoyatumia majibu hayo. Mizani yetu huandika tarehe pamoja na saa katika safu A, na idadi ya magunia iko katika safu C. Jumla ya Februari 2024 niliipata hivi:

```
=SUMIFS(C:C,A:A,">="&E2,A:A,"<="&F2)
```

Jibu lilikuwa magunia 412. Mzee anayeshika ghala, ambaye bado anaandika katika daftari lake kwa kalamu, alikuwa na 437, akaniuliza mbele ya wapakiaji, "Mwanangu, magunia yangu 25 yamekwenda wapi?" Nilimjibu, "Mzee, naomba nikague kwanza," ingawa moyoni nilikuwa nimeshalihukumu daftari lake.

Daftari halikuwa na kosa. Magunia yote 25 yalipimwa tarehe 29, siku ya mwisho yenyewe. EOMONTH hurudisha siku bila saa, yaani saa sita usiku siku hiyo inapoanza, na kwa hiyo mzigo uliopimwa saa tisa alasiri, ambao kwa Excel ni 45351.625, ni mkubwa kuliko 45351 na unaachwa nje ya jumla. Dalili yake ni kwamba pengo huwa sawasawa na kazi ya siku moja, na hakuna seli inayoonyesha kosa lolote. Dawa ni kuchukua kila kilicho chini ya tarehe mosi ya mwezi unaofuata:

```
=SUMIFS(C:C,A:A,">="&E2,A:A,"<"&F2+1)
```

Mwenzangu mmoja hupendelea kupata siku ya kwanza kwa njia nyingine, ambayo ni fupi na inaeleweka upesi:

```
=D2-DAY(D2)+1
```

Mimi nimeiacha, kwa sababu inabeba saa iliyomo katika D2. Ukinakili humo mstari wa mizani wa 14/02/2024 10:20, yaani saa nne na dakika ishirini asubuhi, jibu litakuwa tarehe 1 Februari saa hiyohiyo, na mizigo ya asubuhi ya siku hiyo itapotea katika jumla, huku seli iliyopangwa kuonyesha tarehe pekee ikionekana safi kabisa. EOMONTH huikata saa yenyewe, na hilo kwangu ndilo linaloipa ushindi.

Kasoro ninayoikuta mara nyingi zaidi ni #VALUE!, ambayo kwetu hutokea pale tarehe inapokuwa imeingia kama maandishi. Kwa kawaida maandishi hukaa upande wa kushoto wa seli na tarehe halisi upande wa kulia. Hatari zaidi ni kompyuta iliyopangwa kuanza na mwezi, maana 25/02/2024 itabaki maandishi na utaiona, lakini 03/02/2024 itageuka kimyakimya kuwa tarehe 2 Machi, na EOMONTH itakupa 31 Machi bila kulalamika. Nilipokabidhiwa kompyuta nyingine ya ofisi, jambo la kwanza nililokagua lilikuwa mpangilio huo wa tarehe.

Seli D2 ikiwa tupu, F2 huonyesha 31 Januari 1900 na E2 huonyesha #NUM!, kwa hiyo nimeifunga F2 hivi, na E2 vivyo hivyo:

```
=IF(D2="","",EOMONTH(D2,0))
```